Shajara ya mradi: maswali yaliyochanganywa dhidi ya maswali ya mafungu, yamepimwa kwa pasti pepa za Hisabati

Kabla ya wiki ya 1: tunachopima

Kwenye marudio ya Hisabati ya Kidato cha Nne, madarasa mengi ya tuisheni hapa Dar hufanya hivi: leo kanuni ya sini, maswali kumi, kesho kanuni ya kosini, maswali kumi. Huo ndio mpango wa mafungu. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi anajua jibu la nusu ya swali kabla hajalisoma. Ubaoni pameandikwa "kanuni ya kosini", kwa hiyo hana haja ya kujiuliza atumie nini. Anachofanya ni kuchomeka namba. Siku ya mtihani hakuna anayemwandikia kichwa cha habari, na hapo ndipo anapokwama, ingawa kanuni zote anazijua kwa moyo.

Mpango wa pili ni kuchukua maswali yaleyale, idadi ileile, muda uleule, ila kuyachanganya ndani ya kipindi kimoja ili kila swali lianze na uamuzi: hili ni la njia gani? Tunataka kuona kama mchanganyiko unasaidia uamuzi huo, na kama unasaidia, basi kwa nani na kwa maswali yapi.

Wanafunzi ni 12, chumba kimoja Mbagala, Jumamosi saa 3:00 hadi saa 4:30 asubuhi. Tumechukua familia mbili tu za maswali. Ya kwanza ni pembetatu, yenye njia nne: Pithagorasi, uwiano wa sini, kosini na tanjenti kwenye pembe mraba, kanuni ya sini, na kanuni ya kosini. Ya pili ni mfuatano, nayo ina njia nne: neno la mfuatano wa kujumlisha, jumla ya maneno yake, neno la mfuatano wa kuzidisha, na riba limbikizi.

Tumezichagua kwa sababu ndani ya kila familia maswali yanafanana sura lakini yanatofautiana njia. Kuchanganya swali la matriki na swali la eneo la duara hakufundishi uamuzi wowote, kwa sababu hakuna mtu anayeyafananisha. Faida ya kuchanganya ipo pale ambapo mwanafunzi anaweza kweli kuteleza kutoka njia moja kwenda nyingine.

Kundi A (watu 6) linafanya pembetatu kwa mchanganyiko na mfuatano kwa mafungu. Kundi B linafanya kinyume chake. Hivyo kila mwanafunzi anapimwa dhidi yake mwenyewe, na hata kama kundi moja lina vichwa vizuri zaidi, halipendelei mpango mmoja. Wiki ya 1 na ya 3 ni pembetatu, ya 2 na ya 4 ni mfuatano. Kila kipindi kina maswali 12, matatu kwa kila njia. Wa mafungu wanapata matatu, matatu, matatu, matatu. Wa mchanganyiko wanapata yaleyale 12 yakiwa yamevurugwa.

Tumeshikilia jambo moja kwa makusudi: makundi yote mawili yanagusa njia zote nne katika kila kipindi. Lingekuwa kundi la mafungu linafanya Pithagorasi wiki ya 1 na kosini wiki ya 3, tungekuwa tunapima mambo mawili kwa mpigo, yaani mpangilio wa maswali na urefu wa muda tangu mazoezi ya mwisho. Kwa namna hii kinachotofautiana ni mpangilio peke yake.

Kukata pasti pepa

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: tuwape pasti pepa nzima ya Baraza la Mitihani, namba 041, na tuangalie alama. Karatasi nzima si tayari ni mchanganyiko? Tulipozipanga za miaka kadhaa mezani, tukaona kwamba si mchanganyiko kama tulivyodhani.

Muundo wa karatasi ni maswali 14: Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, Sehemu B ina 4 ya alama 10. Na nafasi ya swali inataja mada. Mara nyingi swali la 8 ni mfuatano na mfululizo, la 9 ni Pithagorasi na trigonometria, la 10 ni milinganyo ya kipeo cha pili. Mwanafunzi aliyefanya pasti pepa tano anajua hilo kabla hajakaa. Akifika namba 9 tayari kichwani ameshafungua ukurasa wa pembetatu. Kwa hiyo karatasi nzima inampa msaada mkubwa wa uamuzi ule ambao sisi tunataka kuupima. Bado anabaki na uamuzi mdogo wa ndani ya mada, sini au kosini, kujumlisha au kuzidisha, na ndiyo maana tumebaki na familia hizi mbili. Lakini ile namba ya swali lazima iondoke.

Kwa hiyo tumekata. Hatua zilikuwa hizi: kutoa kopi ya maswali ya 8 na ya 9 tu, kukata kwa mkasi kila kipengele, (a) peke yake na (b) peke yake, kisha kubandika kila kimoja kwenye kikaratasi cha ukubwa mmoja bila namba na bila mwaka. Kipengele kinachotegemea jibu la kilichotangulia hatukukikata. Kilitoka kizima au kiliachwa. Kwenye kona ya nyuma tuliandika kwa penseli herufi ya njia na chanzo, ili tuweze kurudi kwenye mwongozo wa kusahihisha.

Maswali yanabaki kwa Kiingereza kama yalivyo kwenye mtihani. Maneno ya swali ndiyo yanayobeba dalili ya njia, na kuyatafsiri kungekuwa kumsomea mwanafunzi dalili hiyo.

Vikaratasi vya Baraza havikutosha. Miaka kumi, maswali mawili, vipengele viwili kila kimoja, ni vipengele 40 hivi, na havigawanyiki sawa kwa njia nne. Tumejaza kwa maswali ya mitihani ya majaribio ya mkoa na mengine tuliyotunga. Halafu tukafanya uamuzi mmoja ambao tunaupendekeza kwa yeyote atakayerudia kazi hii: ya mkoa na ya kutunga yaende kwenye mazoezi, ya Baraza yabaki kwa kipimo cha mwisho, na hata hayo yabadilishwe namba. Stesheneri nyingi mjini zinauza vijitabu vya pasti pepa zilizojibiwa, na wanafunzi wetu wanavyo. Mtu anayekumbuka kwamba jibu ni 57 hajachagua njia yoyote.

Wiki ya 1, pembetatu

Kila mwanafunzi anatakiwa kuandika mstari mmoja pembeni mwa swali kabla ya kukokotoa: jina la njia, na dalili iliyomfanya aichague. Kwa mfano, "kosini, pande mbili na pembe katikati yake." Makundi yote mawili yanaandika.

Mtihani una alama 100 kwa dakika 180, maana yake dakika 1.8 kwa alama. Kipengele cha alama 3 kina dakika tano na nusu hivi. Tumetoa dakika 6 kwa swali, jumla 72, na dakika 18 zilizobaki ni za kusahihisha. Majibu tunayatoa kila baada ya maswali manne. Tulifikiria kuyatoa mwishoni, tukaacha, kwa sababu kwenye mchanganyiko mwanafunzi anayechagua vibaya swali la pili anaweza kubeba kosa hilohilo hadi la kumi na mbili akiwa na amani kabisa.

Dakika ya tatu tu, mmoja wa kundi la mchanganyiko alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, hili ni la mada gani?"

"Hapo ndipo unapoanzia. Angalia umepewa nini, kisha uniambie wewe."

Swali lilikuwa na pembetatu yenye pande za sentimita 7 na 8 na pembe ya digrii 60 kati yake, likiuliza upande wa tatu. Aliandika "sini", akaweka 8 juu ya sini 60, akaendelea. Kosa lake halikuwa kutojua kanuni ya sini, aliiandika sawasawa. Kanuni hiyo inahitaji upande mmoja na pembe inayoutazama, vyote viwili vikiwa vinajulikana. Hapa pembe ya 60 inautazama upande unaotafutwa, si ule wa 8. Baada ya kusahihisha alichora mshale kutoka kwenye pembe kwenda upande wa pili, akaona mwenyewe kwamba mshale unaishia kwenye upande usiojulikana. Ndipo kosini: 49 + 64 − 56 = 57, na upande ni √57, takriban sentimita 7.55.

Mshale huo tumeufanya kuwa hatua ya kawaida kwa makundi yote. Una msaada kwenye familia nzima: kama kuna pembe mraba na hakuna pembe nyingine inayotajwa wala kuulizwa, ni Pithagorasi, kama pembe nyingine imetajwa au inaulizwa, ni uwiano, kama hakuna pembe mraba, chora mishale, ukijua pembe mbili tafuta kwanza ya tatu, na ukipata jozi kamili ya upande na pembe yake ni sini, usipopata ni kosini.

Hesabu ya siku: kundi la mafungu lilipata maswali 61 kati ya 72, la mchanganyiko 43.

Wiki ya 1, nyongeza: mzunguko uliovuja

Tulipokagua mistari ya pembeni tukaona jambo. Kuanzia swali la saba hivi, wanafunzi watatu wa mchanganyiko waliacha kuandika dalili, waliandika jina la njia tu, na wakapata yote. Tulipouliza, mmoja alieleza wazi: maswali yalikuwa yanakuja kwa zamu, Pithagorasi, uwiano, sini, kosini, halafu tena. Tulikuwa tumeyapanga kwa mkono, na mkono wa mtu hupenda utaratibu.

Kuanzia sasa mpangilio unatoka kwenye lahajedwali. Safu ya kwanza ni herufi ya njia, ya pili ni

```
=RAND()
```

kisha tunapanga kwa safu ya pili na kunakili matokeo kabla hayajabadilika yenyewe. Mpangilio tunaukataa pale tu njia moja inapofuatana mara tatu. Mara mbili tunaziacha. Tungekataza kufuatana kabisa, mwanafunzi mjanja angejua kwamba kama lililopita lilikuwa sini basi hili si sini, na huo nao ni msaada wa bure.

Wiki ya 2, mfuatano

Kundi lililokuwa la mafungu sasa ndilo la mchanganyiko, na malalamiko yamehama nalo. Wiki iliyopita walitoka wakisema wameelewa. Wiki hii wanasema mada ni ngumu. Mzazi mmoja ameuliza kama tunaweza kurudi kwenye utaratibu wa zamani, maana kijana amekata tamaa.

Tumeamua kutorudi, na sababu tumemweleza mzazi kama tunavyoiandika hapa. Alama za siku ya mazoezi si kipimo cha kilichobaki kichwani. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Wakati wa mazoezi, waliopewa mafungu walipata asilimia 89 na waliochanganyiwa asilimia 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wa mafungu walishuka hadi asilimia 20 na wa mchanganyiko walipata asilimia 63. Anayepima siku ileile atachagua mpango mbaya kila mara, na atakuwa na namba za kumuunga mkono.

Maswali haya manne ndiyo tuliyotumia kuonyesha familia ya mfuatano. Tunayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo mafungu hayawezi kulionyesha.

Duka la vitenge Kariakoo linapata faida ya shilingi 400,000 mwaka wa kwanza. Swali la kwanza: faida inaongezeka kwa 20,000 kila mwaka, ya mwaka wa sita ni kiasi gani? Swali la pili: badala yake inaongezeka kwa asilimia 5 ya mwaka uliotangulia, ya mwaka wa sita ni kiasi gani? Swali la tatu: faida ikiongezeka kama kwenye swali la kwanza, jumla ya miaka sita ni kiasi gani? Swali la nne: shilingi 400,000 zimewekwa benki kwa riba limbikizi ya asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka sita zitakuwa kiasi gani?

Namba zimechaguliwa kwa makusudi. Asilimia 5 ya 400,000 ni 20,000, kwa hiyo mwaka wa pili faida ni 420,000 kwenye swali la kwanza na la pili. Anayeangalia namba mbili za mwanzo tu hawezi kuyatofautisha. Lazima asome maneno: kiasi kilekile kila mwaka, au sehemu ileile ya mwaka uliotangulia?

La kwanza ni kujumlisha, `A + (n − 1)d`, yaani 400,000 + 5 × 20,000 = 500,000. La pili ni kuzidisha, `Gr^(n − 1)`, yaani 400,000 × 1.05^5, takriban 510,513. La tatu ni jumla, `n/2 × (la kwanza + la mwisho)`, 3 × 900,000 = 2,700,000. La nne ni riba limbikizi, 400,000 × 1.05^6, takriban 536,038.

Sasa angalia kipeo. Kwenye la pili ni 5, kwenye la nne ni 6, na maswali yote mawili yanataja sita. Wanafunzi wanne kati ya sita wa mchanganyiko walitumia kipeo kimoja kwa yote mawili. Kwenye kundi la mafungu hakuna hata mmoja aliyekosea. Wao walifanya maswali matatu ya neno la kuzidisha mfululizo, wakatoa moja kila mara. Kisha matatu ya riba, bila kutoa. Mkono ulikuwa unafuata swali lililopita.

Ukiishia hapo utasema mafungu yamefundisha vizuri zaidi. Lakini kundi la mchanganyiko ndilo lililouliza kwa nini, na jibu ni la kuhesabu kwa vidole: kutoka mwaka wa kwanza hadi mwaka wa sita unapiga hatua tano, kwa hiyo unazidisha mara tano. Pesa zilizokaa benki miaka sita zimezidishwa mara sita, kwa sababu mwanzo wake ni siku ya kuweka, kabla ya mwaka hata mmoja kuisha. Mwalimu alichora mstari ubaoni, akaweka vituo sita kama vya daladala, akauliza kati ya kituo cha kwanza na cha sita kuna safari ngapi. Makundi yote mawili yalisikia maelezo hayo.

Hesabu ya siku: mafungu 58 kati ya 72, mchanganyiko 40.

Wiki ya 3 na ya 4

Umeme ulikatika wiki ya 3 na fotokopi hazikuwa tayari. Tuliandika maswali ubaoni, kundi moja mbele na jingine chumba cha pili. Hii ilionyesha kwamba kazi haihitaji mashine, ila makundi yasikae pamoja. Wiki ya 1 wawili jirani waligundua wana maswali sawa kwa mpangilio tofauti, wakawa wanasubiriana.

Kosa jingine la kuangalia: wanafunzi wa mchanganyiko walianza kurudi nyuma kwenye karatasi kutafuta swali linalofanana na lililo mbele yao, kisha kunakili mpangilio wa kazi. Wanageuza mchanganyiko kuwa mafungu wenyewe. Tangu wiki ya 3 tunakusanya karatasi kila baada ya maswali manne, mara tu baada ya kusahihisha.

Pengo kati ya makundi lilipungua: wiki ya 4 mafungu 60, mchanganyiko 52.

Kuna wanafunzi watatu ambao hawakusogea kwenye mchanganyiko. Tuliwapa karatasi yenye jina la njia limeandikwa juu kabisa ya kila swali. Hata hapo walikosa. Hao shida yao si uamuzi. Wawili hawajui kuandika kanuni ya kosini, mmoja hajui kuitoa pembe kwenye jedwali akishapata kosini yake. Kumchanganyia maswali mtu ambaye hajawahi kufaulu njia hiyo hata mara moja ni kumpa vikwazo viwili kwa wakati mmoja, asijue ni kipi kilichomwangusha. Tungeanza upya, tungetanguliza kipindi kimoja cha mafungu mafupi, maswali matatu au manne kwa kila njia, na asiyepata mawili kati yake angebaki hapo kabla ya kuingia kwenye mchanganyiko.

Wiki ya 5

Hakuna kipindi wala mazoezi ya nyumbani ya familia hizi mbili. Kipimo lazima kije baada ya kusahau kidogo.

Wiki ya 6, kipimo

Vikaratasi 16 vya Baraza, namba zimebadilishwa, 8 vya pembetatu na 8 vya mfuatano, vimevurugwa vyote pamoja kwa lahajedwali. Hakuna vichwa, hakuna namba za mtihani wa asili. Hatukutangaza mada zitakazotoka.

Tulitenganisha alama mbili, uchaguzi na ukokotozi, na tulitumia rangi za kalamu kuzilinda. Dakika 16 za kwanza kila mmoja ana kalamu ya bluu tu, dakika moja kwa swali, anaandika njia na dalili. Kisha kalamu za bluu zinakusanywa, zinatolewa nyeusi, na dakika 80 za kukokotoa zinaanza. Mtu akibadili mawazo anaweza kufuata njia nyingine kwa kalamu nyeusi, lakini alama ya uchaguzi inatokana na bluu peke yake. Bila hivyo, wiki za mwanzo tulikuta wengine wanakokotoa kwanza, wakiona jibu linakaa vizuri ndipo wanaandika jina la njia pembeni. Kwenye mtihani wa kweli hilo si kosa, ila kwetu linafuta kile tunachokitafuta.

Mwanafunzi mmoja hakufika. Waliobaki ni 11, kila mmoja na maswali 8 ya familia aliyoichanganya na 8 ya familia aliyoifanya kwa mafungu, jumla 88 kila upande.

Uchaguzi sahihi: mchanganyiko 63 kati ya 88, mafungu 47 kati ya 88.

Ukokotozi sahihi, tukihesabu yale tu yaliyochaguliwa vizuri: mchanganyiko 51 kati ya 63, mafungu 38 kati ya 47. Hapo ni asilimia 81 pande zote mbili.

Namba ya pili ndiyo inayotueleza zaidi. Akishachagua njia, mwanafunzi anakokotoa sawasawa bila kujali alifanyaje mazoezi. Tofauti yote iko kwenye kuchagua. Tungehesabu majibu sahihi peke yake tungeona 51 dhidi ya 38 na tusingejua pengo limetoka wapi.

Kipeo cha 5 na 6: kwenye maswali ya neno la kuzidisha na riba, waliofanya mfuatano kwa mafungu ndio waliochanganya vipeo safari hii, na walifanya hivyo kwa namna moja: wote walitoa moja kila mahali, hata kwenye riba. Ile kanuni iliyokuwa sahihi kila mara ndani ya fungu lake ilitoka nje ya fungu na kwenda kukaa mahali si pake.

Wale watatu walifanya vizuri kidogo zaidi kwenye familia ya mafungu, kama ilivyotarajiwa baada ya wiki ya 4.

Watu 11 ni wachache mno, na mwanafunzi mmoja mzuri akihama kundi anaweza kuzisogeza namba hizi. Tunazichukua kama dalili ya darasa letu, na tunaziamini kidogo zaidi kwa sababu zinaelekea kule zilikoelekea za jaribio kubwa la Rohrer na wenzake lililochapishwa 2020: madarasa 54 ya darasa la saba Florida, mtihani wa kushtukiza mwezi mmoja baada ya marudio, asilimia 61 kwa waliochanganyiwa na 38 kwa wa mafungu. Kwa maswali ya kukariri tu, kama ufafanuzi wa istilahi za Uraia, hatujapima chochote, na hatuoni sababu ya kudhani pengo lingekuwa hilohilo, maana pale hakuna njia ya kuchagua.

Wiki ya 7, kinachoendelea

Wale watatu wamerudi kwenye mafungu ya maswali manne kwa kosini na jedwali. Wengine tisa wanapata seti moja ya mchanganyiko kila Jumamosi, sasa familia mbili pamoja, maswali 12.

Mkasi uko kwenye swali la 3 na la 7 la karatasi, seti na uwezekano, halafu uwiano na faida na hasara. La 7 lina ugumu wake: vipengele vingi vya faida vinataja asilimia ya bei ya kununulia na vingine asilimia ya bei ya kuuzia, na herufi moja ya njia kwa penseli haitoshi. Tunavipa herufi mbili, na kila kikaratasi kinasomwa na walimu wawili bila kuonana kabla hakijaingia kwenye bahasha. Vile ambavyo herufi za walimu hazikupatana vimewekwa bahasha ya pembeni. Hadi leo viko vitano.